Maswali mnayoniuliza tangu nitoe ile hotuba ya kushukuru waliotaipu vitabu vya michango

Tangu Jumapili ile nisimame pale mbele niongee, sijapita kwa bomba la maji bila mtu kunisimamisha. Wengine mlikuwa nyuma hamkusikia juu spika ilikuwa inakoroma, wengine hamkukuja, na wengine mlikuja mkasikia vizuri lakini mkaenda kuelezana vingine. Sasa nimeketi nikaandika yote mahali pamoja. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha michango, si mwandishi, kwa hivyo mnivumilie nikizunguka.

Hotuba ilikuwa ya nini hasa?

Ilikuwa ya kuwashukuru vijana sita na mama mmoja wa kijiji chetu hapa Mathare, waliochukua vitabu vya michango vya kuanzia 2011 mpaka mwisho wa 2023 wakavitaipu vyote kwa spredishiti moja ambayo sahi kila mwanachama anaweza kufungua. Ni kurasa 104 za majedwali. Hesabu yenyewe ni rahisi: miaka 13, kila mwaka robo nne, kila robo kurasa mbili, moja ya wanachama wa laini ya juu na moja ya wale wa laini ya chini.

Lakini sikuwashukuru kwa kutaipu peke yake. Hapo ndio watu wengi hawakunielewa. Maneno yenyewe nilisema hivi, nayatoa kwa karatasi niliyokuwa nimeshika:

"Nawashukuru kwa kitu ambacho hamkufanya. Mlipata makosa yangu kwa vitabu, mengi, na hamkuyarekebisha kimyakimya ili mweka hazina aonekane mzuri. Mliandika vile kitabu kinasema, mkaweka alama, mkaniletea. Na kwa sababu hiyo leo naweza kusimama hapa niseme jambo ambalo nimekuwa nikilibeba kimakosa tangu 2014, na ambalo mtu mwingine alilibeba zaidi yangu."

Hilo jambo la 2014 nitalifikia, msiruke kwenda chini.

Kwani ni nini kiliwafanya muanze sahi, vitabu si vilikuwepo miaka yote?

Mafuriko ya Aprili 2024. Vitabu nilikuwa naviweka chini ya kitanda ndani ya karatasi ya plastiki, na maji yaliingia kwangu mpaka kwa godoro. Kitabu cha kwanza, kile cha 2011 hadi 2013, kililowa kurasa zikashikana. Tukavikausha kwa kuweka gazeti kati ya kila kurasa mbili na kubadilisha gazeti kila asubuhi, bila kuweka kwa jua kali juu wino wa biro wa zamani ulikuwa umeshaanza kupauka. Vilikauka. Kurasa tisa hazisomeki kabisa ama zinasomeka nusu. Yule mama wa kushona nguo ndiye aliniambia, wewe mama, mvua ingine kama hii ikija hatutakuwa na kitu cha kubishania.

Mbona ilichukua Jumamosi nyingi hivyo? Si ni kunakili tu?

Hata mimi nilidhani ni wiki mbili. Fungua kitabu chochote cha kikundi uone jedwali limekaaje: majina yamepangwa kwenda chini, watu 40 kwa ukurasa, na wiki zimepangwa kwenda kando, 13. Ndani ya kila kisanduku kuna 50, ama kuna alama ya tiki, ama kuna mshale mrefu unaotoka wiki ya tatu mpaka wiki ya saba na juu yake nimeandika 250, ama hakuna kitu. Macho ya mtu anayenijua yanaelewa. Kompyuta haielewi tiki wala mshale.

Kwa hivyo walifanya mara mbili, na hii ndiyo sehemu nilitaka watu waelewe kwa hotuba. Mara ya kwanza walitaipu ukurasa vile ulivyo, majina chini, wiki kando, shiti moja kwa ukurasa mmoja, ili ukiweka kitabu kando ya laptopu unaona vitu viwili vinavyofanana. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anataipu. Hakuna kupanga, hakuna kufupisha. Mara ya pili, baada ya ukurasa kukaguliwa na kukubali, ndio waliubadilisha ukawa orodha ndefu ambapo kila malipo yana mstari wake: nani, tarehe gani, pesa ngapi, kitabu gani, ukurasa gani.

Kuna mmoja alikuwa ameanza kwa kuandika orodha ndefu moja kwa moja kutoka kwa kitabu akisema anaokoa wakati. Kurasa nne baadaye hakuna mtu angeweza kusema amekosea wapi, kwa sababu huwezi kuweka orodha kando ya jedwali ukalinganisha kwa macho. Zile nne zilirudiwa.

Mlijuaje kama mmekosea? Mlikuwa mnasoma kila kitu tena?

Hapana, na hapa nitakaa kidogo juu ndio utamu wote.

Kwa vitabu vyangu nilikuwanga na mazoea ya kujumlisha. Chini ya kila wiki kuna jumla ya wiki, na mwisho wa kila jina kuna jumla ya robo. Hizo jumla vijana walizitaipu pia, kama nilivyoziandika mimi, hawakuacha kompyuta ijumlishe badala yangu. Halafu chini yake wakaweka hesabu ya kompyuta toa ya kitabu:

```
=SUM(D2:D41)-D42
=SUM(B2:N2)-O2
```

Ya kwanza ni ya wiki, ya pili ni ya mtu. Ikisoma sufuri, kompyuta na kitabu wanakubaliana. Isiposoma sufuri, kuna kitu.

Wacha niwape ukurasa mmoja wa mwaka wa 2017. Kitabu kilisema wiki ya tatu ilikusanya 3,150. Kompyuta ikasema 3,420. Imezidi 270. Sasa unaanza kuangalia majina 40? La. Unaangalia upande wa kulia, ni mtu gani naye amezidi. Akapatikana mmoja tu: kitabu kinasema robo nzima alilipa 650, yaani hamsini mara 13, kompyuta inasema 920. Hiyo pia ni 270. Basi unaweka kidole kimoja kwa mstari wake na kingine kwa kolamu ya wiki ya tatu, vidole vinakutana kwa kisanduku kimoja. Kitabu: 250, alikuwa analipa wiki tano pamoja. Kompyuta: 520.

Kuna kijana anasomea uhasibu akatuonyesha kitu ambacho mimi na miaka yangu yote sikujua. Ukigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, 25 ikawa 52, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. 270 ni tisa mara 30. Kwa hivyo ukiona tofauti inagawanyika kwa tisa, shuku kwanza kwamba mtu amegeuza namba. Si lazima iwe hivyo, 450 pia inagawanyika kwa tisa na inaweza kuwa watu tisa wamerukwa, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Tofauti ikiwa ni 50 kamili, mara nyingi ni kisanduku kimerukwa.

Na ikiwa wiki haikubali lakini watu wote wanakubali?

Hiyo sasa ndiyo 2014.

Ukurasa wa laini ya chini, robo ya tatu. Wiki moja kitabu kinasema 2,850, kompyuta inasema 2,450. Imepungua 400. Vijana wakaenda kulia kutafuta mtu aliyepungua 400, hakuna. Majina yote 40 yanasoma sufuri. Wakafikiri wameruka kitu wakataipu ukurasa wote upya, watu wawili tofauti, wakapata vilevile. Ndio wakaelewa: visanduku vyote viko sawa, kilichokosea ni ile jumla chini. Na ile jumla haikuandikwa na kompyuta, niliiandika mimi, usiku, stima zikiwa zimepotea, na nikaipeleka mbele ukurasa uliofuata kama pesa iliyoko.

Pesa haikuwepo. Wiki iliyofuata tulipohesabu kwenye kopo tulipata imepungua 400 na sote tukamwangalia kijana aliyekuwa anakusanya laini ya chini. Mimi pia nilimwangalia. Alisema hakuchukua, akalipa 400 zake kutoka mfukoni ili maneno yaishe, na mwezi uliofuata akaacha kukusanya. Kwa kitabu niliandika pembeni, kwa herufi ndogo, "400 imelipwa na mkusanyaji". Vijana walikuwa na kolamu ya maelezo ambapo walikuwa wanaandika chochote kilicho pembeni ya kitabu, hata kama hakina maana kwao, na hayo maneno yakaandikwa vilevile.

Kama wangekuwa wamesahihisha tu jumla yangu kimyakimya, ungeona 2,450, kila kitu sufuri, ukurasa msafi, na yule mtu angebaki mwizi wa laini ya chini mpaka azeeke. Ndio maana nilimwita jina pale mbele nikamwomba msamaha. Waliouliza kwa nini nilisimama kimya muda mrefu katikati ya hotuba, hapo ndipo.

Kwa nini tarehe za mwanzo zilikuwa zinasoma vibaya?

Mlioifungua mapema mliona, eti nimelipa Agosti na mimi nilikuwa ushago. Ni kweli zilikuwa mbaya, na kosa lilikuwa moja tu. Spredishiti ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani ambapo mwezi unatangulia siku. Sisi tunaandika 8/3/2015 tukimaanisha tarehe nane Machi, yenyewe ikasoma tarehe tatu Agosti. Ukiandika 15/3/2015 haiwezi kusoma mwezi wa kumi na tano, kwa hivyo inaiacha kama maneno tu. Matokeo yake ni kwamba tarehe zingine zimegeuka na zingine si tarehe kabisa, na zote kwa macho zinaonekana kawaida.

Walizigundua kwa sababu tunakusanyanga Jumapili, hakuna siku ingine. Waliweka hii kando ya kila tarehe:

```
=WEEKDAY(A2)
```

Jumapili inatoa 1. Ile ya Agosti ikatoa 2, Jumatatu, na zile ambazo si tarehe zikatoa kosa. Kila ambacho si 1 kikarudi kwa kitabu. Kama mnaanza yenu, kwa Google Sheets nendeni File, Settings, halafu Locale, muweke United Kingdom kabla ya kutaipu hata neno moja, juu ukibadilisha baadaye zile zilizokwisha kugeuka zinabaki zimegeuka.

Nilisikia pesa zingine zilisoma sufuri?

Ndio, zile nilizoandika 50/= na mtu akataipu hivyohivyo na alama zake. Kompyuta inaona maneno, na ikijumlisha inayaruka bila kukuambia. Dalili ni kwamba namba ya kweli inakaa kulia kwa kisanduku na maneno yanakaa kushoto. Hapa ndipo pekee tuliruhusu kubadilisha kilichoandikwa, kutoa hiyo alama, basi.

Kurasa zile tisa zilizolowa mlifanyaje?

Kisanduku kitupu, sufuri, na kisichosomeka ni vitu vitatu tofauti, na tulibishana Jumamosi nzima juu ya hilo. Kitupu maana yake kitabu chenyewe kilikuwa kitupu, mtu hakulipa. Sufuri ni pale nilipoandika sufuri mwenyewe, mara nyingi mtu amefiwa na tumemsamehe. Kisichosomeka kimeandikwa "haisomeki" na hakihesabiwi deni. Sitamdai mtu pesa ya 2012 kwa sababu maji yalifuta jina lake.

Mahali pengine kisanduku kimefutika lakini jumla ya mtu inasomeka. Ikiwa ni kimoja tu kimefutika kwa huo mstari unaweza kutoa ujue kilikuwa ngapi. Hizo zimewekwa rangi ya manjano zijulikane zimetafutwa kwa hesabu, hazikusomwa. Vikiwa viwili vimefutika tuliacha, hatukugawa kwa kubahatisha.

Mbona sasa nina namba K ngapi sijui, kwani sina jina?

Jina unalo. Lakini kwa vitabu vyangu kuna Mama Junior watatu, na mmoja wao aliandikwa kwa jina lake la kanisani miaka miwili halafu akarudi kuwa Mama Junior. Kompyuta ingewafanya watu wawili. Kwa hivyo kila mtu ana namba yake, na mahali hatukuwa na uhakika tulimwita mwenyewe akaja akaangalia mstari wake kwa kitabu. Mwenye namba K017, kwa mfano, jumla yake ya miaka yote inatoka hivi, kolamu B ikiwa ya namba na D ya pesa:

```
=SUMIF(B:B,"K017",D:D)
```

Faida ya pili ni siri. Orodha ya linki inaonyesha namba tu. Ile ya kusema K017 ni nani iko kwa faili ingine ambayo tunaiona watatu, mwenyekiti, katibu na mimi. Namba za simu na za kitambulisho hatukuziweka kabisa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, lakini hata bila sheria, mtu hataki jirani ajue ameshindwa na hamsini wiki sita.

Mtu akiingia akabadilisha namba yake je?

Ukiwa na linki unaangalia tu, huwezi kuandika. Wanaoandika ni wawili, na miaka ya nyuma mpaka 2023 imefungwa, kwa Data halafu Protect sheets and ranges. Mabadiliko yote yanabaki kwa File, Version history, yanaonyesha nani na saa ngapi.

Hiyo Version history ilituokoa mara moja tayari, kabla hatujafunga miaka ya nyuma. Mmoja wa wale wawili, na sisemi ni nani lakini ndiye anayeandika hapa, alichagua kolamu ya namba za watu peke yake akaipanga kutoka mdogo kwenda mkubwa. Namba zikajipanga vizuri, pesa zikabaki mahali pake. Yaani kila mtu akapewa pesa ya mwenzake. Jumla kuu haikubadilika hata shilingi, kwa hivyo ukiangalia chini unaona ni sawa. Niligundua kwa sababu mimi mwenyewe ghafla nilionekana nimelipa kwa miezi michache tu tangu 2011. Tukarudisha ile ya asubuhi, dakika mbili. Sahi nikitaka kupanga natumia Filter view, ambayo inapanga kwa macho yangu tu na haigusi chini.

Sina simu ya tachi, nina mulika mwizi. Nitaonaje?

Kila mwisho wa robo nitaprinti na kubandika kwa mlango wa ofisi, namba na jumla. Ukitaka mstari kwa mstari kuja Jumapili tusomeane.

Vitabu mmechoma?

Hapana! Nani amesema? Viko ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, juu ya kabati kwa mwenyekiti, maana kwake ni ghorofani. Kila mstari wa spredishiti unasema kitabu na ukurasa, kwa hivyo ukibisha tunafungua pale pale. Kukiwa na tofauti, kitabu ndicho kinashinda, isipokuwa zile jumla zangu za usiku.

Waliojitolea walilipwa ngapi?

Hawakulipwa. Walikula chapati na maharagwe na chai, na bando za intaneti zilitoka kwa kikundi, zimeandikwa, mnaweza kuziona.

Mbona hukunitaja na mimi nilikuja Jumamosi mbili?

Nisamehe. Nilikuwa nimekuandika, karatasi ya pili ilibaki kwa mkoba. Nitasema Jumapili ijayo.

Na zile 400, alirudishiwa?

Ndio. Pesa ilikuwa ni yake, aliitoa kujaza shimo ambalo halikuwepo, kwa hivyo kikundi kimekaa na 400 yake tangu 2014. Mbele ya watu alikataa, akasema ni mambo ya zamani. Jioni nikamtumia kwa M-Pesa na akaipokea. Mstari wake uko pale chini kabisa upande wa matumizi, tarehe, namba yake, namba ya muamala ya M-Pesa, na kwa maelezo nimeandika "kosa la mweka hazina, kitabu cha pili". Pesa ya kutuma nililipa mimi.